Ripoti Imekwisha, Lakini Je, Imekamilika?

Kila aliyewahi kuandika ripoti anaijua saa hii. Sura ya mwisho imeandikwa, kurasa zimepewa namba, limebaki suala la kuchapisha tu. Ndipo mwenzako anapita mezani, anafunua kurasa mbili tatu na kuuliza, "Mbona haina muhtasari?" Wa pili anataka madodoso yote yaambatishwe. Wa tatu anaona ingefaa kuongeza sura kuhusu wanawake. Wote wana nia njema, nawe umechoka, kwa hiyo unakubali yote matatu. Ripoti iliyokuwa na kurasa 34 inatoka na kurasa 71, na mtu aliyeandikiwa anaiweka chini ya rundo mpaka apate nafasi.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupitia ripoti kabla hazijafika kwenye vikao, nyingi zikiwa za maji vijijini. Nitachukua ripoti ya aina hiyo na kuifuata hatua kwa hatua, huku nikirahisisha takwimu zake kidogo ili mfano ufuatike. Ni ripoti ya ukaguzi wa vituo vya kuchotea maji katika kata moja ya kaskazini mwa Tanzania. Wakaguzi walizunguka mwezi Aprili wakakuta vituo 38: vituo 31 vilikuwa vinatoa maji, 7 havitoi. Walichukua sampuli za maji kwenye visima 6. Ripoti yao ina kurasa 34, na 14 kati ya hizo zinaeleza kituo kimoja baada ya kingine. Mwishoni kuna mapendekezo 11. Inakwenda kwa meneja wa RUWASA wilaya, na nakala inaingia kwenye kikao cha baraza la madiwani.

Kwanza fungua hadidu za rejea. Zikisema ripoti iwe na muhtasari wa kurasa mbili na orodha ya waliohojiwa, basi imeshaamuliwa, andika. Mara nyingi hazisemi lolote, au zinasema "ripoti kamili" na kukuachia mzigo wa kujua ukamilifu ni nini. Hapo ndipo ushauri wangu unapoanzia.

Funga ripoti. Iweke mbali, chukua karatasi tupu, kisha andika sentensi kumi za kumweleza mtu ambaye hajaiona: mmekuta nini, kwa nini hali iko hivyo, mnataka nani afanye nini, kwa gharama gani, na lini. Usifunue ripoti kutafuta maneno. Sentensi hizo kumi bado hazijawa muhtasari, ni kipimo tu. Huenda ukazitupa baadaye, lakini zitakuonyesha penye pengo vizuri zaidi kuliko kuisoma ripoti mara tatu kutoka mwanzo.

Kwenye ripoti yetu sentensi ya kwanza inakuja bila shida: kata ina vituo 38, na 31 vilikuwa vinatoa maji siku ya ukaguzi. Ya pili inaanza, "Vituo saba havitoi maji kwa sababu..." na kalamu inasimama. Sababu zimo ndani ya ripoti, ila zimetawanyika. Pampu iliyokosa vipuri iko ukurasa wa 9, nyingine ukurasa wa 13, kisima kilichokauka ukurasa wa 17. Hakuna mahali mwandishi alipokaa akazijumlisha. Ukizikusanya mwenyewe kwa penseli unapata kwamba vituo 4 vimekosa vipuri vya pampu ya mkono, visima 2 vimekauka, na kituo 1 hakipati maji kwa sababu mashine ya kusukuma maji imekatiwa umeme kwa deni. Hayo ni matatizo matatu tofauti, na kila moja lina mtu wake wa kulitatua. Fundi hawezi kurudisha maji kwenye kisima kilichokauka, na deni la umeme haliondoki kwa kununua vipuri.

Sentensi ya tano inataka gharama. Ripoti inapendekeza vituo 4 vikarabatiwe, lakini haitaji hata shilingi moja. Makadirio ya fundi yapo, shilingi milioni 6.4 kwa vyote vinne, ila yamebaki kwenye ujumbe aliomtumia mkuu wa timu. Sentensi ya saba inahusu ubora wa maji: visima 2 vina floraidi kupita kiasi. Sawa, na watu wanaochota hapo wafanye nini kesho asubuhi? Ripoti haisemi.

Hapo kuna jaribu ambalo nimeona likiwashinda hata waandishi wazoefu. Ukishagundua kwamba sababu hazijajumlishwa na gharama haimo, ni rahisi kuyaandika hayo kwenye muhtasari na kuendelea. Usifanye hivyo. Muhtasari hauruhusiwi kusema jambo ambalo mwili wa ripoti haukulisema. Diwani akisoma kwenye ukurasa wa kwanza kwamba ukarabati ni milioni 6.4, kisha akatafuta ndani namna ulivyofika kwenye kiasi hicho na asiione, hataamini tena hata idadi ya vituo. Pengo likionekana, rudi ndani ukalizibe huko kwanza. Kwa ripoti hii ilihitajika sehemu mpya ya kurasa mbili hivi, ikae kati ya matokeo na mapendekezo: sababu tatu za vituo kutotoa maji, nani anahusika na kila moja, na gharama ilivyokokotolewa. Hiyo ndiyo sehemu ya kuongeza, na hakuna hata mmoja kati ya wale watatu waliopita mezani aliyeitaja.

Sasa turudi kwenye swali la muhtasari wenyewe. Katika ofisi zetu neno hili hubeba mambo mawili, kwani muhtasari wa kikao ni kumbukumbu za yaliyosemwa na kuamuliwa. Nadhani ndiyo sababu mihtasari mingi ya ripoti huandikwa kama kumbukumbu: timu iliwasili tarehe fulani, ikapokelewa na mtendaji wa kata, ikatembelea vijiji kadhaa, ikafanya majumuisho. Huo ni mwenendo wa safari. Muhtasari wa ripoti ni mahali ambapo mtu mwenye mamlaka ya kuamua, na asiye na muda wa kusoma kurasa 34, anapata kila anachohitaji ili aamue.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama anayeamua ndiye huyohuyo atakayeisoma ripoti yote. Meneja wa RUWASA na fundi wake wataisoma yote, maana ndio watakaokwenda kijijini nayo. Kwao muhtasari si lazima. Madiwani wanapata kablasha lenye ajenda nyingi, na ripoti hii ni mojawapo tu. Hao hawataisoma yote, nao ndio watakaobanwa na wananchi kuhusu maji. Hivyo muhtasari unahitajika. Ripoti hiyohiyo ingekuwa ya kurasa tano, ikaenda kwa meneja peke yake, nisingeweka muhtasari wowote. Ningeirekebisha aya ya kwanza ibebe jambo kubwa na ombi, basi. Muhtasari wa nusu ukurasa juu ya ripoti ya kurasa tano humfanya msomaji asome jambo lilelile mara tatu: kwenye muhtasari, kwenye utangulizi na kwenye hitimisho.

Urefu nao una mpaka. Tume ya Uingereza iliyochunguza vita vya Iraki chini ya Sir John Chilcot ilitoa ripoti yake tarehe 6 Julai 2016, juzuu 12 zenye maneno yapatayo milioni 2.6. Muhtasari wake peke yake ulikuwa na kurasa kama 150. Kwa kazi kubwa hivyo labda haikuwezekana kufupisha zaidi, lakini umma uliyapata mambo makuu kupitia tamko fupi ambalo Chilcot alilisoma siku hiyo. Muhtasari ukirefuka mno, lazima kitu kingine kifanye kazi yake. Kwa ripoti ya kurasa 34 mimi hukomea kwenye ukurasa mmoja, na ikizidi sana, mmoja na nusu.

Angalia namna mbili za kuanza. Ya kwanza ni ile iliyoletwa kwangu: "Maji ni uhai. Serikali imekuwa ikichukua hatua mbalimbali za kuboresha huduma ya maji vijijini. Katika kutekeleza azma hiyo, timu ya watu watano ilifanya ukaguzi katika kata..." Aya nzima imekwisha na diwani hajajua chochote ambacho hakukijua alipokuwa anapanda ngazi za ukumbi. Ya pili ndiyo tuliyoiandika badala yake: "Tunaomba baraza liridhie shilingi milioni 6.4 kukarabati vituo 4 vya maji kabla ya kiangazi. Kati ya vituo 38 vya kata hii, 7 havitoi maji. Hivi 4 vinahitaji vipuri tu. Visima 2 vinavyotoa maji vina floraidi kupita kiwango, na wanaovitumia wanapaswa kuelezwa mwezi huu." Diwani akiishia hapo, simu ikamwita nje, bado anajua apige kura ipi na kwa nini.

Kuna sentensi moja ambayo mwandishi alitaka kuiacha nje ya muhtasari kwa kuwa ilikuwa inaudhoofisha. Ukaguzi ulifanyika Aprili, masika yakiwa yamepamba moto. Kisima kinachotoa maji Aprili huenda Oktoba kikatoa ndoo mbili na kukoma. Visima 2 vilikuwa vikavu hata wakati huo wa mvua, na hiyo ni dalili kwamba hesabu ya 31 ni ya msimu mzuri. Jambo hili lilikuwa limefichwa katika aya ya mwisho ya sehemu ya njia zilizotumika, ukurasa wa 6. Nililipandisha hadi kwenye muhtasari kwa maneno machache: "Hesabu hii ni ya masika, kiangazi vituo vinavyotoa maji vinaweza kuwa vichache zaidi." Udhaifu unaoweza kubadilisha uamuzi lazima umfikie anayeamua. Ule usiobadilisha kitu, kwa mfano kwamba wahojiwa wawili hawakupatikana, ubaki ndani.

Suala la viambatisho ndilo linaloharibu ripoti nyingi zaidi, kwa sababu kuambatisha hakuumi. Kufuta kunauma, maana unatupa kazi uliyoifanya juani. Basi mtu anasukuma kila kitu nyuma na kujiambia kwamba hajakitupa.

Mimi hutumia mkono. Nafunika kile kinachotaka kwenda nyuma, kisha nasoma hoja ya ripoti bila hicho. Hoja ikianguka, mahali pake ni ndani. Hoja ikisimama, lakini mtu mwenye shaka angetaka kuhakiki, hicho ni kiambatisho. Hoja ikisimama na simwoni mtu yeyote ambaye angekwenda kukitazama, hakina nafasi kwenye ripoti. Halafu kila kiambatisho lazima kiitwe na sentensi fulani ndani ya ripoti. Kisipoitwa na sentensi yoyote, hakuna atakayekifungua.

Zile kurasa 14 za kituo kimoja kimoja hazikupita kipimo hiki zilivyokuwa. Nilipozifunika, hoja ilisimama vizuri. Lakini meneja wa wilaya angetaka kujua kituo kipi kiko wapi na kina nini, kwa hiyo zikawa jedwali la kurasa tatu: jina la kituo, kitongoji, aina ya pampu, hali siku ya ukaguzi, na idadi ya watu wanaokitegemea. Hiyo safu ya mwisho haikuwepo mwanzoni. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ililenga kituo kimoja kihudumie watu 250, na mtu asitembee zaidi ya mita 400 kukifikia. Bila idadi ya watu, jedwali linasema tu pampu zipi ni nzima. Ndani ya ripoti nilibakiza maelezo ya vituo vitatu, kimoja kwa kila sababu, kwa kuwa msomaji anaelewa ukosefu wa vipuri akimwona mtu wa kamati ya maji anayesubiri fimbo za pampu zitoke mjini.

Floraidi ilikuwa kinyume. Majibu ya maabara yalikuwa nyuma, kiambatisho cha nne, na ndani kulikuwa na sentensi moja: "baadhi ya visima vilionyesha viwango vya juu." Nilipofunika kiambatisho, hoja ilianguka kabisa. Visima viwili vilikuwa na miligramu 2.8 na 3.4 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi 1.5. Watu wa kaskazini wanayajua meno ya kahawia tangu utotoni, na wengi watasema maji hayo wamekunywa miaka yote. Tena wana ushahidi: viwango vya Tanzania kwa miaka kadhaa viliruhusu hadi miligramu 4, kabla havijashushwa kufikia 1.5. Mzee mwenye barua ya zamani inayosema kisima chake ni salama hasemi uongo. Jambo hilo lilihitaji aya mbili ndani ya ripoti, kueleza kwamba kiwango kimebadilika, kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi bali huizidisha kadiri maji yanavyopungua sufuriani, na kwamba kwa sasa maji ya mvua yatumike kunywa na kupikia, hasa kwa watoto ambao meno yao bado yanajengeka. Karatasi za maabara zenye mihuri zilibaki nyuma, mahali pake.

Sijasahau kwamba kiambatisho kinaweza kuwa mahali pa kuzikia jambo zito. Chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Chalenja kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, tume iliyoongozwa na William Rogers ilikuwa na mwanafizikia Richard Feynman miongoni mwa wajumbe wake. Feynman aligundua kwamba viongozi wa NASA walikadiria uwezekano wa ajali kuwa kama mara 1 katika safari 100,000, wakati wahandisi walisema ni karibu na mara 1 katika 100. Alitishia kuondoa jina lake iwapo maoni yake hayangeingia. Yaliingia, ila kama kiambatisho, kile kinachojulikana kwa herufi F. Tofauti ya mara elfu moja kati ya wakubwa na mafundi wao ilikuwa na haki ya kukaa katikati ya ripoti. Wewe nawe, mjumbe mmoja wa timu akipinga makubaliano na sababu yake ikagusa usalama wa watu, usimpeleke nyuma ili ukurasa wa mapendekezo uonekane una umoja.

Mengine kwenye ripoti yetu nayapita haraka. Dodoso liliingia kama kiambatisho, nakala moja tupu, ili atakayerudi mwakani aulize maswali yaleyale. Madodoso yaliyojazwa hayaingii. Picha 60 zikawa tatu, kila moja kando ya maelezo yake. Kisha kulikuwa na orodha ya mahudhurio, majina, namba za simu na sahihi za wanakijiji zaidi ya mia, kama ripoti zetu nyingi zinavyofanya. Niliitoa yote. Mhasibu anaihitaji kuthibitisha malipo ya posho, na mahali pake ni jalada la fedha. Ripoti itazunguka kwa watu ambao wanakijiji hao hawakuwapa namba zao, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Ndani inatosha kutaja idadi ya waliohudhuria, wanawake wangapi na wanaume wangapi.

Hapo tunarudi kwa yule aliyetaka sura kuhusu wanawake. Nilimuuliza mwandishi swali moja: ushahidi mnao? Sura bila ushahidi inageuka hotuba, na msomaji anayejua mambo ataitambua kwenye sentensi ya pili, penye maneno "ni muhimu kuzingatia". Mwandishi alisema hawakuwa wamekusanya chochote. Tukalifungua dodoso, na swali la 12 lilikuwa hili: nani katika kaya anachota maji, na anatumia muda gani? Majibu yalikuwa yamejazwa, hakuna aliyeyahesabu. Kazi ya nusu siku ikatoa aya tatu zilizoingia kwenye sura ya matokeo, kando ya umbali wa vituo, bila kufungua sura mpya. Kama swali hilo lisingekuwepo, ningemwomba aandike sentensi moja katika mipaka ya ukaguzi, kwamba jambo hili halikuulizwa, na aliombee safari nyingine.

Ripoti ilirudi na muhtasari wa ukurasa mmoja, kurasa 23 za mwili, na viambatisho vitatu: jedwali la vituo, majibu ya maabara na dodoso tupu. Mapendekezo 11 yalibaki 5, kwa sababu sehemu mpya ya sababu na gharama ilionyesha kwamba sita yalikuwa yakirudia mengine kwa maneno tofauti.

Kazi ya mwisho ilikuwa ya penseli. Kila namba iliyo kwenye muhtasari niliitafuta ndani ya ripoti, kisha kwenye jedwali. Muhtasari ulisema vituo 31 vinatoa maji, mwili wa ripoti 31, jedwali 32. Mwandishi alipopiga simu kijijini aliambiwa kwamba fundi alipita wiki iliyopita na kurudisha pampu moja, na kijana aliyeandaa jedwali, kwa uaminifu wake, alikuwa ameisahihisha safu. Tuliirudisha 31, ambayo ndiyo hali ya siku ya ukaguzi, tukaweka maelezo chini ya jedwali kwamba kituo kimoja kimetengenezwa baadaye, na tukapunguza ombi la fedha kutoka vituo 4 hadi 3.